Pakeji dukani: jinsi ya kujua kama inakuingizia hela au inakula mauzo yako mwenyewe

Swali linakuja kila wiki, na karibu kila mara kwa maneno yaleyale: "Nimeweka pakeji, inatoka vizuri, mauzo yamepanda. Mbona nikienda Kariakoo kurudisha mzigo hela haitoshi?" Anayeuliza leo ana duka la vipodozi Mbagala, jana alikuwa wa vifaa vya shule Tabata. Nimechoka kueleza kwa simu, kwa hiyo naandika yote hapa.

Mimi nina duka dogo la vipodozi Sinza, na mfano nitakaoutumia ni wangu. Nimezungusha bei kidogo ili hesabu isomeke kirahisi. Nilifunga pamoja losheni, mafuta ya nywele na sabuni, nikaandika kwenye karatasi ya manjano "VYOTE 20,000 TU". Wiki ya kwanza zilitoka 40. Nilifurahi mpaka siku mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alipochukua pakeji yake, akahesabu chenji, akacheka: "Mwanangu, leo umenilipia bajaji. Vyote hivi ndivyo nilivyokuja kununua."

Usiku ule ndio nilianza kupiga hesabu kwa adabu.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Daftari au jedwali la kwenye simu lenye mauzo ya angalau wiki nne zilizopita, kila mteja mstari wake, na vitu vyote alivyochukua kwa pamoja. Miamala ya Lipa Namba haitoshi: inakuonyesha hela iliyoingia, haikuonyeshi kilichotoka.
- Bei uliyonunulia kila kitu, pamoja na nauli au bodaboda ya kuuleta mzigo.
- Gharama ya kufungia: mfuko, utepe, stika. Usiidharau.
- Muuzaji atakayekubali kuuliza swali moja na kuandika herufi moja. Kama dukani uko na mdogo wako, mkae chini mwelewane kwanza.

Kama umesajiliwa VAT, itoe kwanza kwenye bei za kuuzia na za kununulia, ndipo uendelee. Ukiiacha upande mmoja tu, faida utakayoiona haipo.

Hatua ya 1: Tafuta bei ya kweli ya kila kitu, siyo ya kwenye stika

Hapa ndipo wengi wanaanza kukosea. Dar watu wanapatana. Losheni yangu ina stika ya 12,000, lakini nilipojumlisha hela yote iliyoingia kwa losheni za mwezi na kugawanya kwa idadi ya chupa, nilipata 11,500. Mafuta yenye stika ya 7,000 yalikuwa yanatoka kwa wastani wa 6,500. Sabuni haina mapatano, ni 4,000 kavu.

Kwa hiyo thamani ya vitu vitatu kwenye stika ni 23,000, lakini kiuhalisia mteja anayevichukua kimoja kimoja ananiachia 22,000. Hesabu zote zinazofuata zinatumia hiyo 22,000. Ukitumia ya stika, punguzo litaonekana kubwa kuliko lilivyo, na hasara yako kwa mteja ambaye angenunua vyote itaonekana kubwa kupita kiasi. Utaiua pakeji nzuri bure.

Hatua ya 2: Pima kina cha punguzo, mara mbili

Kina cha punguzo ni sehemu gani ya bei umeiachia. Ukiwa na jedwali, weka bei ya kweli ya vyote kwenye B2, bei ya pakeji B3, na gharama ya kununulia pamoja na kufungia B4:

```
=(B2-B3)/B2
=(B2-B3)/(B2-B4)
```

Mstari wa kwanza ni punguzo kama mteja anavyoliona. Kwangu ni 2,000 kugawanya kwa 22,000, yaani asilimia 9. Ukiangalia hapo utasema mbona dogo.

Mstari wa pili unapima punguzo hilohilo dhidi ya faida yako. Vitu vile vitatu nilivinunua kwa 15,700: losheni 8,500, mafuta 4,600, sabuni 2,600. Faida ya kuviuza kimoja kimoja ni 6,300. Hata kabla sijaweka mfuko wa 300, nimetoa 2,000 kati ya 6,300, karibu theluthi moja ya faida. Mteja anaona asilimia 9, mfuko wangu unaona 32. Ukiweka na gharama ya mfuko kwenye B4 inakuwa mbaya zaidi.

Ndiyo maana siwezi kumjibu mtu anayeuliza "nipunguze asilimia ngapi?" kabla hajaniambia amenunua kwa bei gani. Asilimia 9 kwenye bidhaa ya faida nono ni zawadi ndogo. Kwenye bidhaa za bei ya ushindani kama sukari au unga, asilimia hiyohiyo inaweza kumeza faida yote.

Hatua ya 3: Uliza mteja amekuja kuchukua nini, kabla hujamwonyesha pakeji

Hii ndiyo hatua yenye kazi, nayo haiwezi kurukwa. Kila pakeji inayouzwa unataka kujua jambo moja: kama isingekuwepo, mtu huyu angenunua nini?

Mpangilio wa maneno ni muhimu. Mteja akiingia: "Karibu dada, nikusaidie nini leo?" Anajibu, "Naomba losheni." Hapo muuzaji ameshapata jibu. Sasa ndipo aonyeshe pakeji. Akiichukua, kwenye mstari wa mauzo inaandikwa herufi moja: V kama alitaja vyote, W kama alitaja viwili (na uandike vipi), M kama alitaja kimoja, H kama hakuwa na mpango wa kununua chochote humo.

Angalizo: usiulize baada ya kuuza. Ukimuuliza mtu aliyeshika mfuko, "Hivi ungenunua vyote?" atakujibu chochote kinachomfanya aonekane mjanja. Na wale wanaoagiza kwa WhatsApp baada ya kuona picha ya pakeji usiwachanganye na wa dukani. Hao wameona ofa kabla hawajasema walichotaka, kwa hiyo herufi yao ni ya kubahatisha. Waandike ukurasa wa pembeni.

Watu wanadhani hii itawaudhi wateja. Haiwaudhi kabisa, kwa sababu hakuna aliyegundua kwamba ameulizwa kitu. Ni salamu ya kawaida ya dukani.

Hatua ya 4: Fanya hesabu ya kila kundi

Pakeji zangu 40 zilikaa hivi: 14 walikuja kwa vyote vitatu, 6 kwa losheni na mafuta, 9 kwa losheni na sabuni, 8 kwa losheni tu, na 3 hawakuwa na mpango.

Pakeji moja inaniachia faida ya 4,300 kabla ya mfuko. Sasa linganisha na ambacho kila kundi lingeniachia bila pakeji:

- Wa vyote wangeniachia 6,300. Nimepoteza 2,000 kwa kila mmoja.
- Wa losheni na mafuta wangeniachia 4,900. Nimepoteza 600.
- Wa losheni na sabuni wangeniachia 4,400. Nimepoteza 100.
- Wa losheni tu wangeniachia 3,000. Nimepata 1,300 zaidi.
- Wasio na mpango wasingeniachia kitu. Nimepata 4,300 yote.

Litazame kundi la losheni na sabuni. Mteja yule angelipa 15,500, sasa amelipa 20,000. Kwenye daftari la mauzo ni ongezeko la 4,500, unapiga makofi. Kwenye faida umepungukiwa na shilingi 100, na mafuta ya nywele yameondoka rafuni. Huyu ndiye anayewafanya watu wanipigie simu.

Jumlisha yote. Mauzo: pakeji 40 ziliingiza 800,000, na bila pakeji watu walewale wangeniingizia 647,500. Mauzo yamepanda kwa 152,500. Faida: pakeji ziliniachia 172,000, bila pakeji ningepata 181,200. Nimeshuka 9,200, na mifuko 40 ya shilingi 300 inaongeza 12,000 juu yake. Wiki nzima ya kufunga utepe imenigharimu 21,200.

Kwa hiyo swali la kama pakeji inaongeza mauzo lina majibu mawili kwa wakati mmoja. Kwangu iliongeza mauzo kweli na ikala faida kweli. Anayeangalia jumla ya droo ya jioni hawezi kuliona hilo. Ataligundua Kariakoo, akiwa ameshapanga foleni kwa muuzaji wa jumla.

Hatua ya 5: Tengeneza pakeji upya kwa kuangalia kisichonunuliwa pamoja

Kosa langu lilikuwa kufunga pamoja vitu ambavyo watu tayari wanavinunua pamoja. Inaonekana ni akili, kumbe unampa punguzo mtu ambaye hakuliomba. Unachotafuta ni kitu ambacho mteja wa losheni angekifurahia lakini hakimjii kichwani, na ambacho kwako kina faida nzuri.

Nilirudi kwenye mistari ya wiki nne, nikahesabu kila losheni imetoka na nini. Sabuni ilikuwa inaongozana nayo kila mara. Dodoki la kuogea, ambalo nanunua 1,000 na kuuza 3,000, lilikuwa halitoki nayo karibu kabisa. Lilining'inia ukutani nyuma ya mlango, hakuna aliyeliona.

Pakeji mpya: losheni na dodoki kwa 13,500, kwenye mfuko wa kawaida usio na utepe. Bei ya kweli ya vyote viwili ni 14,500, kwa hiyo kina cha punguzo ni asilimia 7. Aliyekuja kwa losheni tu ananiongezea 1,000. Ambaye angechukua vyote viwili ananipunguzia 1,000. Kipimo kinakuwa rahisi kukumbuka hata bila kalamu: wa losheni tu wakiwa zaidi ya nusu, niko salama. Kwenye pakeji ya kwanza kila mteja mmoja wa vyote alikuwa anakula faida ya mteja mmoja na nusu wa losheni tu, na sikuwa nao wa kutosha.

Fanya hesabu hiyo ya pande mbili kabla hujachapisha karatasi. Inachukua dakika tano.

Hatua ya 6: Jaribu kwa zamu, na uhesabu vitu vyote vilivyotoka

Herufi za hatua ya 3 zinakupa picha, lakini watu husema losheni huku macho yako kwenye mafuta. Unahitaji ushahidi wa pili: kipindi chenye pakeji na kipindi kisicho nayo, vikilinganishwa.

Usifanye wiki moja na wiki nyingine. Chupa ya losheni inakaa karibu mwezi, kwa hiyo mtu aliyenunua wiki ya ofa hatarudi wiki inayofuata, na wiki isiyo na ofa itaonekana mbaya kuliko ilivyo. Nenda kwa nusu mwezi. Na kwa sababu mishahara huingia mwishoni mwa mwezi, geuza zamu: mwezi wa kwanza weka pakeji nusu ya kwanza na uitoe nusu ya pili, mwezi wa pili uitoe nusu ya kwanza na uiweke nusu ya pili. Hivyo kila upande umeonja mishahara mara moja. Usianze jaribio likiwa linagusa Ramadhani, Idi au Desemba. Mvua za masika nazo, kama duka lako liko kwenye barabara inayojaa maji, zitakudanganya.

Unapohesabu, usihesabu pakeji. Hesabu kila kitu kilichotoka, kwa njia zote mbili: losheni za peke yake jumlisha losheni zilizo ndani ya pakeji, dodoki vilevile. Wastani wangu wa wiki ulikuwa huu:

| | Bila pakeji | Na pakeji |
|---|---|---|
| Losheni peke yake | 52 | 31 |
| Dodoki peke yake | 9 | 3 |
| Pakeji | 0 | 24 |
| Jumla ya losheni | 52 | 55 |
| Jumla ya madodoki | 9 | 27 |
| Mauzo | 625,000 | 689,500 |
| Faida | 174,000 | 195,000 |

Jedwali hili lisome kuanzia katikati. Losheni zimeongezeka 3 tu, yaani pakeji haikuleta watu wapya wa kutajika. Zile 21 zilizopungua peke yake zimehamia ndani ya pakeji. Asiyejua angesema pakeji imeua losheni. Lakini madodoki yametoka 9 mpaka 27, na katika 24 yaliyomo kwenye pakeji, 6 tu ndiyo yaliyohama kutoka mauzo ya kawaida. Robo imekula, robo tatu ni mpya. Ndiyo faida ya 21,000 ilikotoka.

Ukiona jumla ya kila kitu imebaki palepale na pakeji zinatoka kwa wingi, basi umebadilisha tu jinsi ya kuuza na kuwapa watu punguzo. Itoe.

Yanayokwama, na la kufanya

*Mteja anataka kuvunja pakeji.* "Kaka, mimi dodoki sitaki. Litoe, unipe losheni kwa kumi na nusu." Hili lipo sana, na muuzaji mwenye huruma anakubali. Likizoea, bei ya kweli ya losheni inashuka mtaa mzima. Jibu ambalo limenisaidia ni kumwambia punguzo lipo kwenye dodoki, siyo kwenye losheni: "Losheni ni ileile, ila ukichukua nayo dodoki nakupa kwa elfu mbili." Namba hazijabadilika, lakini hakuna tena cha kuvunja. Siku hizi hata kwenye karatasi naandika hivyo.

*Herufi zinasema M, jedwali linasema imekula.* Mara nyingi muuzaji anaonyesha pakeji kwanza halafu ndipo anauliza, au anaandika herufi jioni kwa kukumbuka. Kaa naye saa moja uone anavyofanya. Mpaka urekebishe, amini jedwali.

*Mauzo ya pakeji ni machache, 5 au 6 kwa wiki.* Usitoe hukumu. Kwa idadi hiyo mteja mmoja wa harusi anayebeba sita anageuza jibu lote. Ongeza miezi, na mnunuzi wa kubeba nyingi umwandike pembeni.

*Nafunga vitu vinavyokaribia kuisha muda.* Hapo hesabu ni nyingine. Kitu ambacho ungekitupa mwezi ujao, gharama yake ya kununulia imeshakwenda, kwa hiyo kiweke sifuri kwenye hatua ya 4. Lakini tarehe iwe wazi mbele ya mteja, na mzigo ukiisha karatasi ishuke siku hiyohiyo. Nimeona duka likiendelea na ofa ya aina hiyo kwa mzigo mpya, kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka kuibandua.

*Faida ilipanda miezi miwili, sasa imerudi chini.* Angalia kitu cha ziada kinakaa muda gani nyumbani. Dodoki halinunuliwi kila mwezi. Wateja wangu wa kudumu walipokwisha kulichukua, herufi za M zikapungua na pakeji ikaanza kuchukuliwa na waliokuja kwa ajili yake. Niliitoa mwezi wa nne, nikaweka losheni na mafuta ya midomo, na daftari likaanza ukurasa mpya.